Stendi Iliyopotea Mto Niger: Mwendo wa Kamera na Hisi ya Kuwapo katika Filamu za Jean Rouch, 1946–1971

Ikisiri

Katika mafunzo ya filamu hurudiwa mara kwa mara kwamba kamera ya mkononi humsogeza mtazamaji karibu na tukio, ilhali kamera iliyowekwa juu ya stendi au kigari humweka mbali nalo. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo kihistoria kwa kufuata kazi za Jean Rouch, Mfaransa aliyepiga picha zake nyingi Afrika Magharibi, kuanzia safari yake ya Mto Niger mwaka 1946 hadi filamu ya Tourou et Bitti ya mwaka 1971. Inadaiwa kwamba hisi ya kuwapo haizaliwi na mtikisiko wa picha. Huzaliwa pale kamera inapopita kweli ndani ya nafasi, na pale mtazamaji anapoweza kutambua ni nani yuko nyuma ya kamera na kwa nini amesimama hapo aliposimama.

Utangulizi

Kuna visa vichache katika historia ya filamu vilivyosimuliwa mara nyingi kama kile cha stendi ya Jean Rouch. Mwaka 1946 Rouch, aliyekuwa mhandisi wa barabara na madaraja kabla ya kugeukia ethnografia, alianza safari ya kushuka Mto Niger kwa mtumbwi pamoja na rafiki zake wawili, Jean Sauvy na Pierre Ponty. Alikuwa na kamera ya Bell & Howell ya milimita 16, aliyoinunua kwenye soko la vitu vikuukuu jijini Paris. Mapema katika safari hiyo stendi ya kamera ilipotelea majini. Ikambidi apige picha kwa mkono. Kwa namna alivyozoea kukisimulia kisa hicho, hakuirudia stendi tena kwa kupenda kwake.

Kisa hiki kimegeuka kuwa aina ya hekaya ya asili: kana kwamba maji yaliichukua stendi na kuurudisha ukweli. Wanafunzi wa filamu hukipokea na kutoka nacho na kanuni nyepesi, kwamba anayetaka mtazamaji ajione yupo pale basi ashike kamera mkononi. Kanuni hiyo inatumika leo hata katika tamthilia za televisheni ambamo watu wawili wamekaa sebuleni wakinywa chai na picha inatikisika kama iliyopigwa melini. Makala haya hayalengi kuidharau kamera ya mkononi. Yanalenga kuuliza ni kitu gani hasa Rouch alikipata alipoipoteza stendi, na kwa nini yeye huyohuyo, miaka kumi na minne baadaye, aliiweka kamera juu ya magurudumu katika mojawapo ya mandhari mashuhuri zaidi alizowahi kushiriki kuzitunga.

Stendi, kigari na macho ya mtembeaji

Ni vyema kwanza kutenganisha miendo miwili ambayo lugha ya kila siku huichanganya. Kamera iliyo juu ya stendi inaweza kugeuka kushoto na kulia, juu na chini, lakini haihami mahali pake. Kamera iliyo juu ya kigari, yaani jukwaa dogo lenye magurudumu linalosukumwa sakafuni au juu ya reli, inahama. Tofauti hii si ya kifundi tu. Mtu anayegeuza shingo akiwa amesimama huona vitu vyote vikipita kwa pamoja, vya karibu na vya mbali, kama picha moja iliyochorwa ukutani. Mtu anayetembea huona mti wa karibu ukipita haraka, nyumba iliyo nyuma yake ikipita polepole, na mlima wa mbali ukikaa karibu palepale. Kwa tofauti hiyo ya kasi jicho hutambua kwamba mbele yake pana nafasi yenye kina, na kwamba mwili wake unasonga ndani ya nafasi hiyo.

Wapigapicha walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1896 Alexandre Promio, aliyefanya kazi kwa ndugu Lumière, aliiweka kamera na stendi yake ndani ya mashua jijini Venisi na kuacha kingo za mfereji zipite mbele ya lenzi. Stendi haikusogea hata kidogo ndani ya mashua. Ni mashua iliyosogea. Mwaka 1914 Giovanni Pastrone alitumia kigari katika filamu ya Cabiria ili kamera isogee polepole miongoni mwa majumba makubwa yaliyojengwa studioni, na watazamaji wakaona kwamba majumba yale yalikuwa na ujazo, hayakuwa mapazia yaliyopakwa rangi. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kilichompa mtazamaji wa sinema hisi ya kuwapo ndani ya nafasi kilikuwa na magurudumu, au kilielea.

Kuna jambo la pili, nalo ni la mwili wenyewe. Mtu anapotembea kichwa chake hupanda na kushuka kwa kila hatua, lakini haoni dunia ikiruka. Sikio la ndani huipima mienendo ya kichwa, na macho husogezwa upande wa pili papo hapo ili picha itulie. Kamera haina sikio la ndani. Ikishikwa na mtu anayetembea bila uangalifu, huandika kila hatua. Picha inayotikisika, basi, haifanani na vile mtu anavyoona akiwa mahali fulani. Inafanana na vile kamera inavyoona ikiwa mikononi mwa mtu. Kati ya kauli hizi mbili kuna nafasi kubwa, na sehemu iliyobaki ya makala haya inakaa ndani yake.

Mkono usio na stendi

Kamera aliyokuwa nayo Rouch mwaka 1946 iliendeshwa kwa springi. Baada ya kuijaza kwa mkono ilikimbia takriban nusu dakika, kisha ikasimama na kuhitaji kujazwa tena. Utepe mmoja wa futi 100 ulimalizika kabla ya dakika tatu. Haikuwa na uwezo wa kurekodi sauti sambamba na picha, nayo ilipiga kelele kama cherehani. Kwa kamera ya namna hii suala la mwendo mrefu halikuwapo kabisa. Alichokipata Rouch kwa kupoteza stendi kilikuwa kitu kingine: uhuru wa kuchagua tena mahali pa kusimama kila alipokuwa akiijaza springi. Nusu dakika ya picha, kisha hatua kumi kuelekea upande mwingine, kisha nusu dakika nyingine. Yeye mwenyewe alisema kwamba muda ule wa kujaza springi ulimlazimisha kufikiri.

Picha za uwindaji wa viboko alizorudi nazo zilichukuliwa na kampuni ya habari za sinema, zikahaririwa na kutolewa mwaka 1947 kwa jina la Au pays des mages noirs. Msimulizi alipewa sauti ya mtangazaji wa mashindano ya baiskeli, na muziki ukaongezwa. Rouch hakuridhika. Kisa hiki kina funzo linalohusu mada yetu: picha zile zilipigwa kwa mkono, karibu kabisa na mitumbwi na mikuki, na bado zilipofika sinema Paris zilimweka mtazamaji mbali kama mtu aliyeketi kwenye jukwaa la uwanja wa michezo. Ukaribu wa kamera ulifutwa na sauti ya mtu ambaye hakuwapo.

Katika miaka iliyofuata Rouch alitengeneza hoja yake dhidi ya stendi kwa ukamilifu zaidi. Hakuichukia kwa sababu imetulia. Aliichukia kwa sababu ya kile ilichoandamana nacho mara nyingi katika filamu za ethnografia na za televisheni, yaani lenzi ya kuvuta. Mpigapicha husimama mbali, penye usalama, na kuvuta uso wa mtu hadi ujae kwenye fremu. Kwa mtazamaji inaonekana kana kwamba amesogea, lakini hakuna kilichosogea. Lenzi ya kuvuta hukuza kila kitu kwa kiasi kilekile, cha mbele na cha nyuma, na ile tofauti ya kasi iliyoelezwa hapo juu haipo. Rouch aliona humo tabia ya mchunguliaji, mtu anayewatazama wenzake kutoka juu ya mnara. Badala yake alipendekeza lenzi pana na miguu: anayetaka uso wa mtu na amwendee.

Pendekezo hilo lina msingi unaoweza kupimwa. Kwenye filamu ya milimita 16, lenzi ya milimita 10 huona upana wa nyuzi 54 hivi, na lenzi ya milimita 75 huona nyuzi 8 hivi. Mkono ukitikisika kwa uzi mmoja tu, picha ya lenzi pana husogea sehemu moja ya hamsini na nne ya fremu, jambo ambalo mtazamaji halioni au analisamehe. Picha ya lenzi ndefu husogea sehemu moja ya nane, na kichwa cha anayezungumza huruka. Mkono ni uleule. Zaidi ya hayo, lenzi pana kwenye mwanga wa jua huweka wazi kila kitu kuanzia karibu nusu mita hadi upeo wa macho, kwa hiyo mpigapicha anayetembea hana haja ya kurekebisha umbali kila mara. Kamera ya mkononi ya Rouch ilikuwa tulivu kwa kiasi kikubwa, nayo ilikuwa tulivu kwa sababu ilikuwa karibu. Hili husahauliwa na wale wanaoushika mtikisiko na kuuacha ukaribu.

Gari lililosukumwa, Paris 1960

Majira ya joto ya mwaka 1960 Rouch na mwanasosholojia Edgar Morin walikuwa wakipiga filamu ya Chronique d'un été jijini Paris. Filamu hiyo, iliyotolewa mwaka 1961, inatajwa katika kila kitabu cha historia ya sinema kama mwanzo wa kamera nyepesi ya mkononi yenye sauti sambamba nchini Ufaransa. Michel Brault aliitwa kutoka Kwibeki kwa sababu alikuwa amejizoeza kutembea na kamera katikati ya watu kwa lenzi pana, na fundi André Coutant wa kiwanda cha Éclair alitoa kamera za majaribio zilizokuwa bado zikiundwa.

Hata hivyo mandhari inayokumbukwa zaidi katika filamu hiyo ni ile ya Marceline Loridan akitembea peke yake, kwanza katika uwanja wa Concorde, kisha chini ya mapaa ya chuma ya soko kuu la Les Halles. Loridan alikuwa amepelekwa Auschwitz-Birkenau mwaka 1944 pamoja na baba yake. Yeye alirudi; baba yake hakurudi. Begani alibeba kinasasauti cha Nagra ndani ya mfuko, na kipaza sauti kidogo kilibandikwa kwenye nguo yake. Alitembea akizungumza kwa sauti ya chini, akimsemesha baba asiyekuwapo. Waliokuwa wakipiga picha hawakusikia alichokuwa akisema. Walikisikia baadaye, kanda iliporudishwa na kuchezwa.

Kamera ilikuwa ndani ya Citroën 2CV. Injini ilizimwa na gari likasukumwa kwa mikono ili lisipige kelele. Kwa maneno mengine, kilele cha filamu inayosifiwa kwa kamera ya mkononi kilipigwa kwa kigari, tena kigari cha kuazimwa barabarani. Huko Les Halles gari lilisogea mbele yake kwa kasi inayozidi hatua zake, hivyo akazidi kuachwa nyuma na kuwa mdogo kwenye fremu, huku sauti yake ikibaki palepale sikioni mwa mtazamaji, karibu kama pumzi.

Inafaa kuuliza kilichokuwa kitatokea kama Brault angetembea kinyumenyume mbele yake akiwa na kamera begani, kazi aliyoiweza vizuri kuliko karibu mpigapicha yeyote wa wakati ule. Bila shaka picha ingekuwa nzuri. Lakini hatua zake zingesikika machoni. Mtazamaji angehisi kwamba pana mtu wa pili mbele ya Loridan, anayemsikiliza, anayelinganisha mwendo wake na wa mwenzake, na maneno yale yangekuwa ushuhuda unaotolewa kwa msikilizaji. Magurudumu yalimwondoa msikilizaji huyo. Hayana hatua, hayana pumzi, hayamhurumii mtu. Kwa kuwa kamera inateleza bila mwili, Loridan anabaki peke yake kabisa chini ya mapaa yale, na mtazamaji anajikuta mahali ambapo hakuna mtu aliyealikwa: ndani ya maneno ya binti kwa baba yake. Utulivu wa kigari ndio uliomleta karibu.

Kwa hiyo inapatikana kauli iliyo sahihi zaidi kuliko ile ya madarasani. Kamera ya mkononi humwambia mtazamaji kwamba yuko mtu hapa, naye anatazama. Kigari humwambia kwamba nafasi hii ipo, na hakuna anayetazama. Zote mbili ni hisi za kuwapo, ila aliyepo si yuleyule.

Mtikisiko kama ishara, na pingamizi la Sembène

Ndani ya miaka michache mtikisiko ulikwisha kuwa ishara inayoweza kuazimwa. Gillo Pontecorvo alipopiga La battaglia di Algeri, filamu ya kubuni iliyotolewa mwaka 1966 kuhusu vita vya ukombozi wa Aljeria, yeye na mpigapicha wake Marcello Gatti waliiga kwa makusudi sura ya filamu za habari: chembechembe za picha, lenzi ndefu, kamera inayosukumwa na umati. Waliofanikisha uigaji huo waliufanya vizuri mno hata ikalazimu kutangazwa kwamba hakuna hata kipande kimoja cha filamu za habari kilichotumiwa. Hapa mtikisiko hausemi kwamba mtu yuko mahali hapo. Unasema kwamba picha hii ni ya aina ile ambayo hupigwa na mtu aliyekuwa mahali pale. Mtazamaji anausoma kama anavyosoma mhuri wa ofisi juu ya barua. Hilo si kosa la Pontecorvo, kwa maana filamu yake ina mambo mengi zaidi ya mhuri, lakini ndilo kosa la walioiga uigaji wake.

Pingamizi zito zaidi lilitoka upande mwingine. Mwaka 1965 Ousmane Sembène, mwandishi na mtengenezaji filamu wa Senegali, alikabiliana na Rouch ana kwa ana katika mazungumzo yaliyochapishwa baadaye. Alikubali kwamba katika filamu za Rouch kulikuwa na kazi anayoiheshimu, hasa Moi, un noir ya mwaka 1958. Lakini aliwalaumu Rouch na wataalamu wenzake wa mambo ya Afrika kwa kuwatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Lawama hiyo haikutaja stendi wala lenzi, na bado inagusa kiini cha suala. Mtu anaweza kuwa hatua mbili kutoka kwa mwenzake, kamera begani, lenzi pana, na bado akamchunguza kama mdudu. Ukaribu wa miguu si ukaribu wa hadhi.

Jibu la Sembène kwa njia ya filamu lilikuja mwaka uliofuata. La Noire de... inamfuata Diouana, kijana wa kike aliyechukuliwa kutoka Dakar kwenda kufanya kazi za nyumbani kwa Wafaransa huko Antibes. Sehemu kubwa ya maisha yake Ufaransa inapita ndani ya vyumba vichache vyenye kuta nyeupe, na kamera humo imetulia. Haimfuati kwa shauku. Inamngoja jikoni, inamngoja mlangoni, na mtazamaji anazihesabu kuta pamoja naye. Kamera inayozunguka begani mwa mtu ingekuwa ya mgeni mwingine tena nyumbani mle, mtu wa nne mwenye uhuru wa kuingia na kutoka, uhuru ambao Diouana hana. Sembène alimnyima mtazamaji uhuru huo. Inawezekana kwamba bajeti yake ndogo nayo ilichangia, kwani stendi na fremu moja hugharimu kidogo kuliko reli na wasukumaji, lakini matokeo yake kwenye pazia hayana upungufu wowote.

Mahali pa mgeni: Karamoja

Katika Afrika Mashariki swali hilihili liliulizwa kwa namna ya kimya zaidi. Mwaka 1968 David na Judith MacDougall walipiga picha miongoni mwa Wajie, wafugaji wa Karamoja kaskazini-mashariki mwa Uganda, na kutokana na kazi hiyo wakatoa To Live with Herds mwaka 1972. Baadaye waliendelea kaskazini-magharibi mwa Kenya miongoni mwa Waturkana, walikopiga filamu tatu ikiwemo The Wedding Camels. Katika makala ya mwaka 1982 David MacDougall alieleza msimamo uliotokana na kazi hizo: kamera isijipe fursa ambazo mtu wa kawaida aliyepo mahali hapo hana. Mgeni aliyekaribishwa barazani ana sehemu moja ya kukaa. Hawezi kuwa mbele ya mzee anayezungumza na papo hapo nyuma ya mzee anayesikiliza. Filamu inayobadilisha upande kila sentensi humpa mtazamaji macho ya kiumbe asiyekuwapo popote kwa kuwa yuko kila mahali.

Kwa kipimo hiki swali la mkono au stendi linashuka daraja. Mgeni aliyekaa hutulia. Kamera yake inaweza kutulia. Mgeni aliyeitwa kuoneshwa zizi hunyanyuka na kufuata. Kamera yake nayo ifuate. Kinachotakiwa ni kwamba mwendo uwe na sababu ndani ya tukio, na kwamba sababu hiyo iweze kuonwa. Wasomaji wanaozifahamu adabu za kukaribishwa katika jamii za wafugaji hawatahitaji maelezo marefu zaidi.

Simiri, 15 Machi 1971

Filamu ambamo Rouch aliupeleka mkono wake hadi mwisho wa uwezo wake ina urefu wa takriban dakika kumi na ilipigwa kwa mkupuo mmoja, bila kukata. Ni Tourou et Bitti. Ilipigwa katika kijiji cha Simiri, nchini Niger, ambako watu walikuwa wakipiga ngoma mbili za kale, tourou na bitti, kuwaomba pepo wa porini walinde mazao dhidi ya waharibifu. Ngoma zilikuwa zimepigwa kwa muda mrefu na pepo walikuwa hawajapanda kichwani mwa yeyote. Jioni ilikuwa inakaribia. Sauti ilirekodiwa na Moussa Hamidou, mwenzake Rouch wa miaka mingi.

Rouch hakuwa tena na kamera ya springi. Sasa magazini ya filamu ilichukua futi 400, zinazotosha dakika kumi na moja hivi. Aliamua kupiga hata kama hakuna kitakachotokea, angalau ngoma zile za kale zibaki kwenye kumbukumbu. Mkupuo unaanza nje ya uwanja. Kamera inasogea kwa hatua, inayapita mazizi, inaingia uwanjani, inawakuta wapigangoma na mzee Sambou Albeydou akicheza. Sauti ya Rouch inaeleza kidogo, kisha inanyamaza. Kamera inasogea karibu na ngoma, inamzunguka mchezaji, inarudi. Ni mwendo wa kigari kwa maana ya kwamba vitu vya karibu vinapita na vya mbali vinakaa, lakini si wa kigari kwa maana ya kwamba unasita.

Kisha ngoma zinanyamaza. Katika filamu ya kawaida hapa ndipo mpigapicha hushusha kamera ili asiharibu utepe, kwani hakuna jipya na utepe ni ghali. Rouch hakuishusha. Kamera inabaki juu ya mchezaji aliyesimama, na kwa sekunde kadhaa hakuna anayejua kama tukio limekwisha. Hakuna njia ya kuipata hali hii kwa kukata na kuunganisha. Mtazamaji anahisi utepe ukiendelea kukimbia, anahisi mtu aliyesimama pale na kukataa kuondoka, na anangoja pamoja naye. Ngoma zinaanza tena. Mzee anapandwa na Kuré, pepo fisi, na muda mfupi baadaye mwanamke mzee naye anapandwa. Mashauriano na pepo yanafuata: nyama kwa mavuno.

Rouch aliamini baadaye kwamba kuendelea kwake kupiga picha ndiko kulikochochea kupandwa huko. Wapigangoma walipomwona bado anaendelea, walidhani ameona kitu ambacho wao hawajakiona, wakarudi kwenye ngoma. Aliipa hali yake mwenyewe jina la kupagawa kwa sinema. Madai haya yanastahili tahadhari. Filamu yenyewe haiwezi kuyathibitisha, maana inaonesha kile kilicho mbele ya lenzi tu, ilhali kinachodaiwa kuwa chanzo kilikuwa nyuma yake. Wapigangoma wangeweza kupumzika na kurudi bila kumjali mgeni yeyote, kama walivyofanya bila shaka mara nyingi katika saa zilizotangulia. Na lawama ya Sembène haifutiki kwa mtu kujitangaza kwamba amepagawa.

Lakini hata kwa anayekataa madai hayo, jambo moja linabaki kwenye utepe. Katika sekunde zile za ukimya mtazamaji hayupo Simiri kama mchezaji, wala kama pepo, wala kama jicho lisilo na mwili. Yupo kama mtu mmoja mwenye kamera nzito begani na dakika chache za utepe zilizobaki, ambaye amechagua kukaa. Kukaa huko kunaonekana kwa sababu kamera imetulia mkononi. Ingekuwa juu ya stendi, kuendelea kwake kusingemaanisha lolote, kwani stendi haichoki. Ingetikisika hovyo, mtazamaji angeuona mkono na kumsahau mzee.

Utepe unapokaribia kwisha Rouch anarudi nyuma kwa hatua zake mwenyewe, bila kuvuta wala kukata. Wapigangoma wanapungua ukubwa, mzee anapungua, uwanja mzima unaingia ndani ya fremu pamoja na kivuli kirefu cha jioni, na kamera inasimama pale inaposimama kwa sababu filamu imekwisha.